Kadi ya alama za wazabuni: iliyotufaa nusu na kutuudhi nusu

Hoteli yetu hapa Mbeya ililipia mfumo unaosoma kumbukumbu za manunuzi na kutoa kadi ya alama za kila mzabuni mwisho wa mwezi: 50 za kuwahi, 30 za ubora wa mzigo na 20 za kutopandisha bei. Kadi ya kwanza tu ilinipandisha hasira.

Mama anayetuletea viazi mviringo kutoka Isyonje, ambaye hajawahi kutuangusha hata msimu wa mvua, alipata 67 na kuwekewa rangi nyekundu. Nilifungua oda yake. Tuliagiza magunia 40 yafike Ijumaa, na daftari la getini linaonyesha kwamba gari liliingia Ijumaa hiyo hiyo mchana. Mtunza stoo alipima, akakataa magunia 4 yenye viazi vilivyogeuka kijani, akaiacha fomu ya mapokezi mezani hadi Jumatatu, karani aliporudi kazini na kuiingiza. Mfumo ulichukua tarehe ya kuingizwa kwa fomu, ukahesabu siku tatu za kuchelewa na kukata alama 10 kwa kila siku. Magunia yaliyokataliwa yalimpunguzia alama 3 tu, na bei haikubadilika, kwa hiyo alistahili 97. Uzembe wa ofisi yetu umeandikwa kwa jina lake.

Mleta mayai, kwa upande wake, alichelewa siku mbili na akapata 50 kamili za kuwahi. Alipiga simu mapema, tarehe ya oda ikasogezwa, na kwa kuwa mfumo hautunzi tarehe ya awali, ulimpima kwa ile mpya. Mwenye simu ya haraka anapendeza kuliko mwenye gari la haraka.

Nilipompigia kijana wa huduma kwa wateja, alinijibu, "Dada, mfumo hausemi uongo, labda mzabuni wako ndiye anayekudanganya," kisha akakata simu. Siku hiyo niliandika barua ya kuvunja mkataba.

Hata hivyo sikuituma, kwa sababu sehemu ya mizigo iliyokataliwa ilitufumbua macho: muuza maharage tuliyemwona mwaminifu alikuwa akirudishiwa sehemu ya mzigo karibu kila mwezi, kidogo kidogo, kiasi kwamba hakuna aliyejumlisha. Baadaye fundi wao mwingine, mwenye adabu, alituwekea sehemu ya kuandika tarehe ya getini, na alama za viazi zikarudi mahali pake.

Ningewapa nyota nne, lakini tarehe ya awali ya oda bado inafutika, na nilipouliza tena nikaambiwa kwamba marekebisho hayo yana malipo yake. Basi ni mbili. Kabla ya kumwonya mzabuni yeyote kwa kadi hii, linganisheni kwanza daftari la getini na fomu ya mapokezi.