Dola 10 zangu na lile kapu la Divers

Nimeshapoa kidogo, ndiyo maana naandika. Ningeandika siku ile ile, ningetukana.

Hapa Lubumbashi, katikati ya mji, kuna ofisi moja ndogo ya kupiga chapa na fotokopi. Jina silitaji, sitafuti kesi na mtu. Kijana wa pale alianza kuweka tangazo kwenye Watsapu: mtumie picha za risiti zako za mwezi mzima, atazipanga kwa mafungu na kukutolea bajeti ya mwezi kwa dola 10. Mimi nikafurahi. Kwetu pesa zinaisha kabla ya mwezi kuisha, na kila tukikaa na baba watoto kutafuta zilikokwenda, mazungumzo yanageuka ugomvi. Nikasema afadhali mtu wa nje ahesabu.

Nikatandika risiti kitandani, nikapiga picha 47, nikatuma. Siku mbili tatu hivi, jibu likaja: ukurasa mmoja wa Eksel. Jumla ya matumizi, franka 1,640,000. Kodi ya nyumba imekaa mahali pake. Shule ipo. Umeme upo. Halafu nikaona mstari wa mwisho: Divers, franka 689,000.

Divers! Yaani "mengineyo". Asilimia 42 ya pesa yangu mtu ameitia kwenye kapu moja, akaandika juu yake neno lisilosema kitu, akanidai dola 10. Hata mimi bila kusoma naweza kukwambia kwamba pesa zangu zimeenda kwenye mengineyo. Hilo ndilo lililonipeleka kwake!

Nikabeba mfuko wangu wa risiti, nikaenda.

Nilimkuta na wateja wanne. Nikamwambia kwa upole (naapa, kwa upole), "Mwanangu, hii Divers ni nini?" Akajibu bila kuinua macho, "Mama, ni za supamaketi. Supamaketi inauza kila kitu, sasa mimi nitaziweka wapi?" Nikamuuliza kama alisoma mistari ya ndani. Hapo ndipo alipotamka neno ambalo mpaka leo likinijia naacha kukoroga bukari: "Mama, kama unajua kuhesabu, si ungehesabu mwenyewe?"

Mbele ya watu. Kijana ninayeweza kumzaa.

Nikavuta kiti cha karibu na mlango, nikakaa. Nikatoa risiti moja tu mfukoni, nikaiweka juu ya kibodi yake. Nikamwambia tuisome hii pamoja, tukimaliza nitaondoka.

Ilikuwa na mistari sita. Mafuta ya kupikia lita 5, franka 32,000. Maziwa ya unga, 38,500. Trei ya mayai, 19,000. Sabuni ya unga, 14,000. Pampasi za mtoto, 24,000. Madaftari, 12,500. Jumlisha: 140,000. Na chini ya mistari imeandikwa hivyo hivyo, Total 140,000. Lakini kwenye Eksel yake risiti hiyo iliandikwa 168,000.

Akakodoa macho. Nami nikakodoa. Mama mmoja mzee aliyekuwa anangoja fotokopi zake akasogea, akaweka kidole kwenye karatasi, akasema, "Mwana, hii 168,000 ni pesa aliyotoa. Angalia chini, wamemrudishia 28,000. Chenji si matumizi."

Ni kweli. Siku ile nililipa kwa dola 60, na duka lilihesabu dola moja kwa franka 2,800. Mashine ikaandika Reçu 168,000 na Rendu 28,000. Kijana alikuwa anatafuta tarakimu kubwa ya chini kabisa anaandika, basi. Kwa mtu anayelipa pesa kamili hilo halileti shida. Lakini sisi tunaolipa kwa noti za dola na kurudishiwa franka, karibu kila risiti ina namba kubwa kuliko matumizi yenyewe. Kujua iliyo ya kweli si kazi ngumu: jumla ya haki ni ile inayolingana na mistari ukiijumlisha, na pia inayolingana na pesa uliyotoa ukiondoa chenji. Hesabu hizo mbili zikigongana, kuna mahali umesoma vibaya.

Kisha tukaja kwenye kapu lake. Alikuwa ameandika mstari mmoja kwa kila risiti, na ukifanya hivyo huna namna ya kuikwepa Divers, maana risiti moja ya supamaketi ina jikoni, bafu, mtoto na shule ndani yake. Nikamwambia aandike mstari mmoja kwa kila kitu kilichonunuliwa na kuirudia namba ya risiti pembeni. Ile yetu ikavunjika hivi: chakula 89,500, sabuni 14,000, mtoto 24,000, shule 12,500. Bado ni 140,000 ile ile, ila sasa inasema kitu. Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba nanunua maziwa ya unga mengi kuliko ninavyodhani. Divers ya risiti hiyo ikabaki sifuri.

Kijana akanyamaza. Akasema, "Sawa, mama. Niachie mpaka kesho kutwa." Hakuomba radhi. Nyota moja.

Lakini ngoja niseme na upande wangu, kwa sababu dada yangu akisoma hii ataniumbua.

Picha zangu zilikuwa mbaya. Risiti hizi za mashine hazina wino, karatasi yenyewe ndiyo inayobadilika rangi ikipata joto. Mimi nilikuwa nazitunza kwenye sashe ya plastiki iliyoning'inia ukutani jikoni, juu kidogo ya mbabula. Zile za mbele zilikuwa zimeiva kama mikate, nyeusi nusu nzima. Nyingine zilipata mafuta, maandishi yakafifia. Na kuna risiti moja ndefu niliyoipiga mara mbili, juu na chini, naye akaihesabu kama risiti mbili: franka 96,000 zimeingia mara ya pili bila mtu kununua kitu. Angeona kwamba namba ya risiti na saa vinafanana, hilo ni lake. Ila mimi ndiye niliyemtumia picha mbili bila kusema neno. Sasa nazipiga siku hiyo hiyo nikitoka dukani, nimeilaza mezani, na ikiwa ndefu naikunja ili jumla ionekane kwenye picha moja tu.

Kesho kutwa ikawa siku nne. Jibu jipya likaja. Jumla ilishuka kutoka 1,640,000 hadi 1,452,000. Franka 188,000 zilikuwa hewa: zile 96,000 za ile risiti ndefu, 28,000 za chenji ya risiti tuliyoisoma, na 64,000 za chenji za risiti nyingine. Divers ikashuka kutoka 689,000 hadi 58,000. Nikapandisha nyota ziwe tatu.

Tena kulikuwa na kitu nisichomwomba. Mwezi ule tulilipa transhi ya shule, dola 120, sawa na franka 336,000. Kwenye jumla ya pesa zilizotoka aliiacha nzima, ila kwenye bajeti alikuwa ameitoa kwenye mwezi na kuandika pembeni kwamba transhi ziko tatu kwa mwaka, yaani dola 360, hivyo kila mwezi ubebe dola 30, ambazo ni 84,000. Hapo kijana alinifunga mdomo. Ukiacha transhi nzima ndani ya mwezi mmoja, bajeti inakutisha bure mwezi ule, na miezi inayofuata inakudanganya kwamba una pesa. Nne, basi. Nampa nne.

Halafu nikafika mstari wa "soko".

Risiti ni za duka. Mama wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayekuuzia matembele na tomsoni hana risiti ya kukupa, wala wa makala, wala konda wa basi. Mwezi ule ziliingia nyumbani dola 850, yaani 2,380,000 kwa kiwango kile kile, na mwisho wa mwezi hakikubaki kitu. Ondoa zile 1,452,000 za karatasi, zinabaki 928,000 zilizopita bila karatasi. Hizo ndizo zinazotuumiza, na picha haziwezi kuzionyesha hata ukipiga mia.

Tayari nilikuwa nimeandika kwenye daftari la mtoto kwa wiki mbili kila kilichotoka mkononi: bunga, mboga, samaki, makala, basi, pikipiki. Zilikuwa 406,000, yaani 203,000 kwa wiki. Nilimtumia. Yeye akazidisha mara nne, akaandika 812,000.

Mwezi si wiki nne! Mwaka una wiki 52, ukizigawa kwa miezi 12 unapata wiki 4 na theluthi moja. Zidisha 203,000 kwa hiyo, unapata karibu 880,000. Zile 68,000 alizozisahau ndizo siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, zile ninazokwenda kukopa bunga kwa jirani. Nikampigia simu. Akasema, "Mama, wote wanazidisha kwa nne." Nikamwambia wote ndio wanaokopa bunga. Kimya, kisha akacheka, nami nikacheka bila kutaka. Akasema atarekebisha, na kweli alirekebisha usiku ule ule.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Kama risiti zako zote ni za malipo kamili ya franka na huendi sokoni, kijana atakufanyia kazi nzuri, ila sijui mtu wa namna hiyo anaishi wapi hapa mjini. Kama uko kama mimi, dola 10 zitakununulia karatasi ya kwanza ya kugombania, na ya pili ndiyo bajeti. Ile kauli ya kuhesabu mwenyewe sijaisamehe. Tatu na nusu, na nusu hiyo ni ya yule mama wa fotokopi.

Mwezi huu nimempelekea tena, mistari yote imenyooka. Kilichobaki ni kimoja, cha mwezi ule: ukitoa 880,000 za daftari kwenye 928,000, kuna franka 48,000 ambazo hazina risiti na hazikuandikwa daftarini. Nilizisoma kwa sauti mezani. Baba watoto akaomba chumvi.