Nyumba ya siku nne Raskazone: ujumbe wa masharti ulioniokoa, na sharti moja lililomweka mama mdogo juani

Nilikwenda Tanga kwa harusi ya binamu yangu. Nyumba za ndugu Ngamiani zilikuwa zimejaa hadi barazani, nikaona nikodi nyumba ya vyumba viwili Raskazone kwa siku nne, mimi na dada zangu wawili. Nyumba yenyewe sina mengi ya kusema: safi, upepo wa bahari unaingia, jiko la gesi linawaka. Nataka kusema juu ya ujumbe wa masharti ambao mama mwenye nyumba alinitumia kwa WhatsApp mara tu nilipolipa, maana nimeshapokea nyingi za aina hiyo na huu ulikuwa tofauti.

Kwanza saa. Aliandika: "Kuingia saa 8 mchana (simu yako itaonyesha 14:00). Kutoka saa 4 asubuhi (10:00)." Anayeona hilo dogo hajaumwa nalo. Mwaka juzi Bagamoyo nilisoma 10:00 kwenye karatasi ya nyumba nyingine, mama mkwe akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni saa kumi jioni, tukaenda zetu Kaole kuangalia magofu. Tuliporudi begi zetu zilikuwa ukumbini na tulidaiwa nusu siku. Huyu wa Tanga aliandika saa zote mbili, basi hakukuwa na la kubishania. Na kwa kuwa basi la alfajiri kutoka Dar lilitushusha Kange kabla ya saa 8, aliongeza kwamba mizigo inaweza kuachwa kwa mlinzi tangu saa 4, ila ndani hatuingii mpaka usafi uishe. Tukaacha begi, tukaenda kula.

Kelele alizimaliza kwa mistari mitatu. Redio nje mwisho saa 4 usiku, ndani baada ya hapo kwa sauti isiyovuka dirisha, na geti la chuma lisibamizwe kwa sababu chumba cha jirani mzee kiko ukutani hapohapo. Nilichopenda ni kwamba alitaja na kelele zitakazotufikia sisi: adhana ya alfajiri, na jenereta la jirani umeme ukikatika. Mwenye nyumba anayekwambia hilo mapema hakusikii ukilalamika baadaye, na kweli sikulalamika.

Sasa wageni. Hapa ndipo ujumbe ulipoteleza. Sharti lilisema tu: "Wageni wasioandikishwa hawaruhusiwi." Mimi nilielewa wageni wa kulala. Mlinzi alielewa binadamu yeyote asiye mimi na dada zangu. Siku ya pili mama mdogo akaja kutoka Chumbageni na hotipoti ya wali na mkate wa kumimina, mimi niko bafuni, simu iko chaji. Akasimamishwa getini kama dakika ishirini, jua la saa saba. Nilipotoka nikamkuta amekaa juu ya jiwe, hotipoti mapajani.

"Shikamoo mama mdogo, samahani sana."

"Marahaba. Kwani mwanangu, mimi ni mgeni wa nani hapa Tanga?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia mama mwenye nyumba kwa hasira, naye, kusema haki, hakunikatiza. Alieleza sababu zake. Bei yake ni ya watu wanne. Tangi la maji ni la lita 1,000, na watu kumi wakioga kabla ya harusi maji yanaisha jioni. Tena mpangaji mmoja aliwahi kugeuza nyumba ukumbi wa shughuli, mjumbe wa mtaa akaja kumuuliza yeye. Sababu zote zina maana, lakini hakuna hata moja inayomhusu mtu aliyeleta chakula. Jioni ile akanitumia sharti jipya: mgeni wa mchana aache jina kwa mlinzi, wasizidi wanne kwa mara moja, waondoke kabla ya saa 2 usiku, bila malipo. Wa kulala aambiwe yeye kabla, shilingi 15,000 kwa kichwa. Mlinzi naye akaelekezwa kwamba mimi nisipopokea simu agonge mlango. Sharti namna hiyo mtu unaweza kulifuata bila kumwaibisha shangazi yako.

Kwenye uharibifu ndiko nilikojifunza. Ujumbe ulitaka nipige picha za kila chumba ndani ya saa moja ya kuingia na kuzituma palepale kwenye mazungumzo yetu. Kuzituma ndiyo maana yake hasa: picha ikibaki kwenye simu yangu, saa yake naijua mimi peke yangu, lakini ikishatumwa wote wawili tunaiona imetumwa saa ngapi. Nilituma kumi na moja. Katika moja kulikuwa na ufa kwenye kioo cha meza ya kujipamba, na katika nyingine neti imeungua tundu, nadhani kwa dawa ya mbu ya kuzunguka. Siku ya kuondoka kijana wa ukaguzi aliuona ule ufa akaanza kuandika. Nikamwonyesha picha ya siku ya kwanza, saa 8 na dakika 40. Akafuta.

Shuka lakini lilikuwa letu. Ujumbe ulikuwa na orodha fupi ya bei: glasi 2,000, ufunguo 15,000, shuka jeupe lenye doa lisilotoka 20,000. Chini yake mstari ambao ungeweza kuandikwa na mtu wa pwani tu: "Mkipaka hina au piko, tandikeni shuka la maua lililo kabatini. Doa likitokea niambieni likiwa bichi, msilitie maji ya moto." Tulitandika la maua vitanda vyote. Dada yangu mdogo, usiku wa hina, akajitupa kwenye kitanda ambacho la maua lilikuwa limeshatolewa kwenda kuanikwa. Tuliamka na alama ya kiganja kizima juu ya jeupe.

Nikatuma picha asubuhi ileile. Akamleta dada wa usafi, likaloweshwa kwa maji baridi na sabuni, likafifia likabaki rangi ya chai. Mwanzoni alitaka nilipe seti nzima, mashuka mawili na foronya, 45,000, kwa sababu dukani haliuzwi moja. Nikamrudishia mstari wake mwenyewe wa 20,000. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika, "Sawa, ni maandishi yangu." Amana niliyoweka ilikuwa 50,000, nikarudishiwa 30,000 kwa M-Pesa, makato ya kutuma akalipa yeye.

Ila zilichukua siku nne kurudi, maana ujumbe haukusema amana inarudi lini. Nilimwomba aongeze siku, na kama anataka seti ilipwe kwa seti, aandike hivyo kabla, mtu aamue mwenyewe kama atalala na hina.

Nampa nyota nne. Ya tano iliachwa getini na mama mdogo, ambaye mpaka leo nikimpigia huanza kwa kuuliza kama jina lake limeshaandikishwa.