Kesi ndogo ya PC: kabla hujalipia, pima plagi ya GPU kwanza

Wiki tatu nimechezea PC iliyo uchi. Ubavu mmoja hauna kioo, feni zinapiga kelele, vumbi la Dar linaingia lote na mjusi kashaanza kuizoea kama kwake. Yote kwa sababu nilinunua kesi isiyo na jina la maana dukani kwa kaka mmoja aliyeniapia "dada hii inaingia kadi yoyote", na kweli kwenye boksi waliandika kadi hadi milimita 320, yangu ina 305, nikajiona mjanja hadi nikapanda boda kurudi nayo nyumbani.

Kadi ikaingia vizuri tu. Nikachomeka plagi mbili za umeme, nikaleta kioo, kioo kikagoma. Plagi zinatoka ubavuni mwa kadi, zinaangalia kioo moja kwa moja, na waya ukitoka pale unahitaji nafasi ya kupinda. Mimi nilikuwa nimebaki na nafasi ya kidole, tena kidole cha mtoto.

Toka hapo kila anayeniuliza kesi gani anunue namuuliza kitu kimoja kwanza: kadi yako ina UPANA gani, yaani kutoka kwenye mazabodi kuja kwenye kioo? Urefu kila mtu anautaja, wauzaji wanaupenda, upana hausemwi. Bano la chuma la nyuma ya kadi lina kimo kilekile kwa karibu kadi zote, ila kampuni nyingi siku hizi zinaipandisha kadi juu ya hilo bano, unakuta upana unafika milimita 135 au 140. Mimi nachukua upana wa kadi najumlisha 35, ndio nafasi ya plagi na waya kwenda wima kidogo kabla haujapinda. Plagi za pini 8 zinavumilia kubanwa kidogo, hii ndogo ya pini 16 ya RTX za kisasa usifanye nayo utani kabisa. Ikivutwa upande na kioo inaweza isikae vizuri ndani, inapata moto, na watu wameshayeyusha plagi. Ukifungua ukaona plastiki imebadilika rangi au plagi imeinama, zima mashine.

Haya, ninazozipenda.

Namba moja kwangu ni Cooler Master NR200P, na sifichi, naipendelea. Naongelea ile ya kwanza ya 2020, maana V2 ina vipimo vyake vingine, usichanganye. Ni kama lita 18, wenye imani kali ya udogo watakwambia hiyo sio ndogo, waache. Inachukua kadi urefu 330, upana 156, unene 60. Ile 156 mimi naihesabu na waya wake ndani. Sasa tufanye hesabu na RTX 4070 Founders Edition: urefu 244, upana 112. 112 jumlisha 35 ni 147, chini ya 156, imepita na chenji imebaki. Chukua kadi ya feni tatu yenye upana 140: 175, imekwama, hata kama urefu wake ni 300 na unaonekana uko salama kabisa. Hapo ndipo mimi nilipoangukia. NR200P inakuja na kioo na pia ubavu wa chuma wenye matundu, funga wa matundu bwana, kwa joto letu kioo ni cha kupigia picha tu.

Feni ya prosesa humo mwisho kimo cha 155. Hapa watu wanaumia kwa milimita tatu, Noctua NH-U12S ni 158 na haifungi, wakati Thermalright Peerless Assassin 120 SE ni 155 kamili, inaingia ikigusagusa. Mimi nimeweka NH-U9S yenye 125, napumua. Ukipima feni uliyonayo nyumbani pima hadi ncha za yale mabomba ya shaba yanayochomoza juu, usiishie kwenye feni, ncha ndizo zinazogonga ubavu.

Namba mbili Fractal Terra, lita 10 na kitu, nzuri mno, ukiweka sebuleni wageni wanadhani redio. Humu kadi na mazabodi zinapeana mgongo, zimetenganishwa na ukuta wa katikati ambao unausogeza, na kadi inaunganishwa kwa raiza, ule waya bapa unaotoka kwenye mazabodi. Plagi haiangalii ubavu tena kwa hiyo ugonjwa wangu haupo, ila umekuja mwingine: ukuta ukiusogezea upande wa kadi, feni ya prosesa inapata nafasi, ukiurudisha inanyang'anywa. Kimo cha feni kinaanzia 48 hadi 77, kadi unene 72 hadi 43, yaani zikijumlishwa mwisho ni 120. Kadi nene ya 60 inakuachia feni ya 60. Usisome 77 na 72 kwenye tangazo ukadhani unapata zote mbili! Na upana wa kadi mwisho 131, urefu 322. Ukiweka kadi nene kabisa unabaki na kitu kama Thermalright AXP90-X47 yenye 47, hiyo kwa prosesa ya wati 65 sawa, prosesa inayokula sana itaishiwa pumzi kwenye gemu na spidi itashuka.

Za bei chee zinazokubali pawa saplai kubwa ya kawaida zipo, kama mfuko umekaza chukua, mimi sina cha kuongeza.

Pawa saplai sasa. Hizo kesi mbili juu zinataka saizi ndogo iitwayo SFX, upana 125, kimo 63.5, kina 100. Kuna SFX-L, ile ile ila kina 130, na inaingia kwenye zote mbili, lakini hizo milimita 30 ndizo ambazo waya zingelala. Na zile plagi za nyuma ya pawa saplai zinachomoza, hakuna anayezihesabu. Nunua SFX ya kawaida. Mimi ni mtu wa Corsair SF750, ilinitoa jasho bei yake lakini waya zake ni laini, na kwenye kesi ndogo waya mgumu ni adui. Kama kadi yako ni ya pini 16 tafuta waya unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, ile adapta nene inayokuja na kadi ni kama kuweka ngumi ndani ya boksi la viatu.

Na hapa nina kisirani na wauzaji. Nimeuliza SFX maduka manne, watatu wameniletea pawa saplai nyembamba ndefu ya kompyuta za ofisini, "ni ndogo dada, ndio hiyo hiyo". Sio hiyo hiyo! Matundu ya skrubu hayakutani. Sasa natembea na tepu ya fundi cherehani kwenye mkoba, natoa naipima palepale kaunta, 125 kwa 63.5, wananiona kichaa. Kaka wa kwanza nilimrudishia kesi yake akanikatalia, anasema boksi limeshafunguliwa. Ipo chini ya kitanda, kioo hakijawahi kufungwa, nauza nusu bei kwa mwenye kadi nyembamba.