TAHADHARI: Muuza hedifoni za gemu anayekusikilizisha sauti za watu, halafu ukifika kwako gemu iko bubu

Wadau, huyu jamaa ni tapeli na naomba mtu yeyote asimpe hata senti. Nilinyamaza kwa aibu, maana mnajua wenyewe nilivyokuwa nawaambia nimepata mzigo wa maana. Leo nimeona katangaza seti nyingine ya aina ileile, hedifoni pamoja na kile kiboksi cha kuchanganyia sauti, na watu tayari wanamwuliza anapatikana wapi. Hapo nikasema basi.

Siku ile alinikaribisha ndani, akanikalisha kwenye kochi mbele ya tivii. Konsoli ilikuwa imeshawashwa, mechi inaendelea, mashabiki wanapiga kelele. Akanivalisha hedifoni yeye mwenyewe, taratibu kabisa, akaweka maiki sawa. Mwenzake alikuwa tayari yuko hewani kwenye kundi la wachezaji. Akaniuliza, "Unamsikia?" Nilimsikia kama yuko pembeni yangu, mpaka kijiko kilivyokuwa kinagonga kikombe chake nilikisikia. Nikamjibu yule mwenzake, akanijibu, maiki safi. Halafu muuzaji akaniuliza, "Na gemu je?" Nikasema naisikia, maana kweli kelele za mashabiki nilikuwa nazisikia.

Akashika kile kitufe cha kuzungusha kwenye kiboksi, kile chenye GAME upande mmoja na CHAT upande wa pili, akakisogeza kuelekea GAME. Sauti ya mashabiki ikapanda. Akakirudisha, ikashuka. Nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa nikiikumbuka picha ile damu inachemka, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kitufe, lakini wa kushoto ulikuwa juu ya paja umeshika rimoti ya tivii. Kelele zile zilitoka kwenye tivii! Mito ya hedifoni zile ni ya kitambaa, inapitisha sauti ya nje kama kawaida. Nilikuwa nasikia gemu kwa kupitia kitambaa, wala si kwa kupitia spika za hedifoni.

Kabla hamjaniuliza kwa nini nilimwamini: huyu mtu anazijua hizi kazi. Hakunikimbiza, hakunibana nilipe haraka. Alinieleza mwenyewe, tena kwa usahihi, kwamba kiboksi cha namna hii kina njia mbili. Sauti za wachezaji wenzako zinaingia kwa waya wa USB. Sauti ya gemu inaingia kwa waya wa optiko, ule unaopitisha mwanga mwekundu. Kiboksi kinazichanganya, na kitufe kinaamua upande upi usikike zaidi. Yote hayo ni kweli. Ndiyo maana nasema hakubahatisha. Mtu anayejua kwamba njia ni mbili, halafu anakuonyesha moja tu, ile nzima, anajua anachokificha.

Nikafika, nikafunga kwenye PS4 Pro yangu, nikaingia kundini. Wote nawasikia, wananisikia. Nikaanza mechi: kimya. Filimbi hakuna, mashabiki hakuna, hata menyu haitoi mlio. Watu wanaongea kichwani mwangu na mchezo mzima uko bubu.

Nilianza na kitufe, kwa sababu ndicho kinachosumbua wengi. Kikizungushwa mpaka mwisho wa CHAT, gemu inazimika kabisa, na hilo si ubovu. Changu nilikiweka katikati, kisha nikakipeleka mpaka mwisho wa GAME. Sauti za watu zikapotea, ikabaki kimya tupu. Maana yake kitufe kinafanya kazi, ila upande wa gemu hakuna kinachoingia. Pembeni ya kiboksi kuna swichi ndogo ya kuchagua aina ya mashine, PC au konsoli. Ikiwa kwenye PC, kiboksi hiki hakisikilizi tundu la optiko hata ukichomeka nini. Niliisogeza kwenye konsoli, nikachomoa umeme wa kiboksi na kurudisha, kwa kuwa kinasoma swichi wakati wa kuwaka. Bado.

Nikaenda kwenye mipangilio ya konsoli: `Settings`, `Sound and Screen`, `Audio Output Settings`. `Primary Output Port` nikaiweka `Digital Out (Optical)`. Kisha `Audio Format (Priority)` nikaiacha `Linear PCM`, kwa sababu ukichagua Dolby au DTS wakati kiboksi chako hakiwezi kuifumbua, unapata kimya hichihichi na unaweza kumlaumu muuzaji bure. Sikutaka kumlaumu bure. Bado kimya.

Nikageukia waya. Ncha za waya wa optiko zikiwa mpya huvishwa vifuniko vidogo vya plastiki angavu, na mtu akisahau kuvivua waya haukai sawa. Wangu haukuwa navyo. Nikachomoa ncha ya upande wa kiboksi, nikaacha ya konsoli imechomekwa, nikaielekeza kwenye kiganja. Nukta nyekundu ikatokea kwenye ngozi, imekoza. (Msiichungulie kwa jicho, kiganja kinatosha.) Nukta ile ilikuwa inaniambia kwamba konsoli inatuma na waya unapitisha. Ingekuwa hafifu au haipo, ningetafuta waya mwingine, kwa sababu waya huu ukikunjwa sana unavunjika ndani bila kuonyesha alama nje.

Kilichobaki ni kiboksi. Nikachukua simu, nikaiunga kwa waya wa kawaida wa hedifoni kwenye tundu la AUX nyuma ya kiboksi. Muziki ukatoka masikio yote mawili, na kitufe cha GAME kikawa kinaupandisha na kuushusha vizuri. Kwa hiyo spika nzima na upande wa gemu ndani ya kiboksi mzima. Nikachomeka waya wa optiko kutoka kwenye tivii badala ya konsoli. Kimya. Mashine mbili tofauti zinatuma mwanga, na kiboksi hakioni hata mmoja.

Ndipo nikawasha tochi na kuliangalia tundu lenyewe. Tundu la optiko huwa na kilango kidogo kinachojifungua ukichomeka, na waya ukifika mwisho unausikia "tiki". Hili halikuwa na kilango. Ndani, kile kipande kinachopokea mwanga kimesukumwa nyuma na kukaa upande, na pembeni yake kuna gundi angavu iliyokauka, na uzi mwembamba wa gundi umevutika mpaka ukingoni. Kuna mtu alilivunja, akajaribu kulibandika, likagoma. Gundi haijipaki yenyewe.

Nikampigia. Kwanza akaniambia konsoli yangu ni mbovu. Nilipomweleza habari ya mwanga kwenye kiganja, akasema niende `Devices`, `Audio Devices`, kwenye `Output to Headphones` niweke `All Audio`. Nikafanya. Gemu ikasikika! Lakini sikilizeni ujanja wake. Ukiweka hivyo, konsoli inasukuma kila kitu, gemu na watu, kwa njia ya USB. Sauti ikawa nyembamba kama ya simu, maana kwenye kiboksi hiki njia hiyo ni ya maongezi tu, na nilipopeleka kitufe GAME kila kitu kikazimika, maana vyote viko upande wa CHAT. Sikununua kiboksi cha kuchanganya sauti ili nisichanganye chochote. Nilipomtumia picha ya gundi, akanifungia. Mpaka leo.

Mtu kama huyu anatakiwa afukuzwe kwenye kila kundi, si onyo, si kuambiwa "malizaneni inboksi". Arudishe hela za watu na tangazo lake libandikwe alama nyekundu kila mahali. Wasimamizi, nawaomba kwa heshima na nasema kwa nguvu: mkimwacha leo, kesho ataumizwa kijana aliyejinyima miezi. Ushahidi ninao, picha ninazo, ujumbe wake wote ninao, na niko tayari kuupeleka polisi. Yeyote aliyeuziwa naye ajitokeze tuungane, mmoja mmoja anatuzungusha. Na yule mwenzake wa kikombe naye ni mshirika, msimwonee huruma.

Kwa ambao bado mnataka hedifoni za namna hii kwa mtu yeyote: tivii izimwe sauti kabisa kabla hujavaa, na rimoti uishike wewe. Toka kwenye kundi la maongezi, usikilize gemu peke yake. Kitufe kizungushe mwenyewe. Mulika tundu.

Halafu kuna hili la tangazo lake jipya. Ameandika "inafanya kazi PS4 zote, PS5 na Xbox mpya". Ni uongo. PS4 Slim haina tundu la optiko, PS5 haina, na Xbox Series X na Series S hazina. Kwenye mashine hizo hata kiboksi kizima hakitapata sauti ya gemu kwa njia hiyo mpaka uichukue kwenye tundu la optiko la tivii, kama tivii yako inalo, au ununue kifaa kingine cha kutolea sauti kwenye HDMI, na unaweza kubaki bila sauti ya gemu, ukidhani umekosea kufunga. Kuna mdau hapa ameshaandika kwamba ana PS5 na anamfuata wikiendi. Ndugu yangu, usiende.

Picha zote alizoweka ni za mbele ya kiboksi. Nimeomba rafiki amwandikie kama mteja, amtake picha ya nyuma yenye tundu la optiko kwa karibu, tundu likiwa halina waya. Amejibu kwamba kamera ya simu yake imeharibika, na dakika chache baadaye akapandisha picha nyingine mpya ya mbele.