Kuzibiwa mifereji ya magego: mara ya kwanza ilibanduka, ya pili imeshika

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utotoni, wala halisubiri jino lolote ling'oke. Kwa binti yangu nililidhani ni la utotoni, hadi daktari aliponionyesha mifereji yake: myembamba kiasi kwamba unywele wa mswaki hauingii. Binti alikuwa ameshazibwa magego mawili ya utotoni yaliyotoboka, kwa hiyo nikakubali mifereji ya magego yake mapya izibwe kwa dawa mapema, kabla hayajatoboka.

Kliniki ya kwanza walifanya haraka. Nyuma ya gego moja ufizi ulikuwa bado umelifunika kidogo, na mate yalikuwa yanapanda. Baada ya miezi minne akanitemea mkononi kipande cheupe kama ganda la yai. Iliniuma sana.

Daktari wa pili alinieleza kosa lilipo: dawa ile ni utomvu wa plastiki, na mate yakigusa jino lililoandaliwa, haishiki. Angekuta ufizi bado umefunika, angepaka kwanza saruji ya meno inayovumilia unyevu, kisha angesubiri. Sasa gego lilikuwa limetoka lote.

Nilisimama pembeni nikaangalia. Alisafisha mifereji kwa burashi, akaweka pamba pande zote huku msaidizi akinyonya mate kwa mrija. Akapaka asidi ya buluu kwa sekunde 30, akasuuza, akabadilisha pamba zilizolowa, akakausha kwa hewa hadi jino likawa jeupe kama chaki. Hapo mtoto akameza mate, ulimi ukagusa jino. Daktari hakulifumbia macho. Akarudia asidi upya. Ndipo akatiririsha ule utomvu, akaumulika kwa taa ya buluu sekunde 20, na kujaribu kuubandua kwa chuma chenye ncha. Haukubanduka. Mwisho mtoto akang'ata karatasi ya rangi ili ionekane kama kuna mahali palipozidi kimo. Hakuna sindano, hakuna kuchonga. Alilalamikia uchachu tu.

Kaka yake wa miaka 9 hakuzibwa. Mifereji yake ni mipana na hajawahi kutoboka jino, kwa hiyo daktari alisema mswaki na dawa ya meno yenye floridi vinamtosha. Wanaofaidi zaidi ni watoto kama binti yangu: wenye mifereji yenye kina kirefu, waliokwisha kutoboka meno ya utotoni, wanaokula vitamu mara kwa mara, au wenye ulemavu unaofanya kupiga mswaki kuwe kugumu.

Dawa hii ya kuziba haizuii kutoboka kati ya jino na jino, maana inakaa juu tu. Mwaka na nusu sasa, na kila miezi sita tunarudi kukaguliwa, kwa sababu ukingo ukiachia kidogo, uchafu hujificha chini yake. Mara ya mwisho kona moja ilikuwa imemeguka, ikaongezewa dakika chache. Magego ya pili yataota akifika miaka 12 hivi, na nitampeleka tena, lakini baada ya ufizi kuachia.