Ulinzi uliozuia washambulizi ukazuia na malipo: uzoefu wangu

Ninasimamia tovuti ya kampuni ya mabasi yenye ofisi Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na hakuna huduma iliyowahi kunikasirisha kama hii ya kulinda tovuti tuliyoilipia mwaka mzima. Kampuni yenyewe sitaitaja, lakini yaliyotupata nitayaeleza, kwa kuwa yanaweza kumpata yeyote anayeuza mtandaoni na kupokea malipo kwa M-Pesa.

Shambulio lilianza msimu wa watu kwenda bara kwa sikukuu. Maombi ya kuufungua ukurasa wa kutafuta safari yalimiminika ili kuilemea seva yetu, ukurasa ambao kwetu ndio mzito kuliko yote kwa sababu kila unapofunguliwa hifadhidata hulazimika kuhesabu viti upya. Kila anwani ya IP ilituma maombi machache tu, lakini anwani zilikuwa maelfu. Kuweka kikomo kwa kila anwani kusingefaa: kikomo cha juu kingewapitisha washambulizi, na cha chini kingewafungia abiria wetu, maana mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja.

Mpaka hapo watu wa kampuni ya ulinzi nawapa haki yao. Waliwasha jaribio la kivinjari, ambapo kila anayefungua tovuti hupewa kwanza ukurasa wenye hesabu ndogo ya JavaScript. Kivinjari cha kawaida huifanya chenyewe, hupata kuki, alama ndogo ya kuonyesha kimefaulu, kisha huruhusiwa kupita. Programu nyingi za washambulizi hushindwa hapo. Mzigo kwenye seva yetu ulishuka haraka na tovuti ikafunguka kama kawaida.

Kisha abiria wakaanza kujaa dirishani. Mama mmoja aliyebeba mtoto alinisogezea simu yake, ujumbe wa M-Pesa ukiwa wazi, akaniuliza, "Mwanangu, pesa zimekatwa, tiketi yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kwenye mfumo wetu kiti chake kilikuwa bado kinasubiri malipo.

Mteja akishaweka namba yake ya siri, seva ya malipo hutuma majibu kwenye ukurasa maalumu wa tovuti ya muuzaji, na hapo ndipo tiketi hutolewa. Seva hiyo si kivinjari. Haifanyi hesabu za JavaScript wala haitunzi kuki. Inatuma taarifa yake na kungoja ikubaliwe. Nilipofungua kumbukumbu za seva yetu sikukuta hata ombi moja la malipo tangu jaribio lilipowashwa, ilhali kwenye kumbukumbu za ukuta wao, yaani mfumo wao ambao kila ombi huupitia kabla ya kufika kwetu, mistari ya namna hii ilipangana:

```
POST /malipo/majibu 403 challenge
```

Huo ndio ushahidi: ombi limeonekana mlangoni, ndani halikufika.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaka kukata, kwamba kwao kila kitu ni cha kijani na shambulio limedhibitiwa, hivyo tatizo ni letu. Nilipomsomea mistari ile, akanishauri niielekeze njia ya malipo moja kwa moja kwenye anwani halisi ya seva yetu, bila kupitia kwao. Ushauri huo ulinichoma kuliko kiburi chake. Seva inayokubali maombi kutoka popote, anwani yake ikijulikana, hushambuliwa moja kwa moja, na ukuta unaoulipia unabaki kulinda mlango ambao hakuna anayeupita. Seva iliyo nyuma ya ulinzi inapaswa kupokea maombi yanayotoka kwa mlinzi peke yake.

Mhandisi wao wa zamu ya usiku, ambaye kwa kweli alinisikiliza, aliandika kanuni inayouondoa ukurasa ule mmoja kwenye jaribio, kwa maombi yanayotoka kwenye anwani za seva za malipo tu. Kuuacha wazi kwa kila mtu kungekuwa hatari nyingine, kwani mtu angeweza kutuma majibu bandia ya kwamba amelipa. Kwa hiyo sisi nasi kila tunapopokea jibu tunauliza hali ya muamala kwenye mfumo wa malipo kabla ya kutoa tiketi, na kwa njia hiyo hiyo tuliwatafuta abiria wote waliokuwa wamekatwa pesa bila tiketi.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Lakini shambulio lilirudi baadaye, likazimwa, na malipo yakapita yote bila mtu hata mmoja kuja dirishani kulalamika, kwa hiyo siwezi kusema huduma ni mbovu. Nawapa tatu kwa ukuta na sifuri kwa yule aliyepokea simu. Mkataba ukiisha nitahama. Au pengine nitabaki, ikiwa wataandika ndani yake kwamba hawawashi jaribio kwa tovuti nzima kabla ya kuniuliza ni kurasa zipi zinazopokea maombi ya mashine.