Nasaba ya wazee au kipimo cha DNA: kipi kinaeleza ukoo zaidi?

Kwa babu na bibi, vyote viwili vinafika. Tofauti inaanza juu zaidi. Mzazi hakupi DNA yake yote; anakupa nusu, iliyokatwa vipande vikubwa vichache. Ukirudi vizazi 10, nasaba ina nafasi 1,024 (watu huwa wachache zaidi ndugu wakioana), lakini vipande ulivyorithi ni kama 640 tu, na wapo mababu waliokuachia viwili au vitatu. Kwa hiyo zaidi ya nusu hawakukuachia hata kimoja, ingawa ni mababu zako halali. Hapo nasaba inashinda.

Kwa upande wa uhakika, kipimo kinashinda kwa jamaa wa karibu: baba aliyeandikwa kimakosa hugundulika. Kwa jamaa wa mbali, kutolingana hakukanushi undugu. Kati ya jamaa wanaokutana kwa mababu wa kizazi cha 4, takriban jozi 1 katika 10 haionyeshi kipande cha pamoja. Wa kizazi cha 5, karibu nusu.

Anayemtafuta mzazi asiyejulikana apime. Anayefuatilia mzee wa miaka 300 iliyopita ashike nasaba. Akitaka kupima, aanze na shangazi mzee, mwenye vipande ambavyo yeye hakuvipata.